Kukabidhi zamu kwa Kiingereza wakati notsi umeandika kwa Kiswahili: yaliyotukuta kwenye mitambo ya amonia

Mi ni opereta wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina la kiwanda tuliache, kiko pembeni ya ziwa kama vingine. Zamu zetu ni mbili tu, saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Naandika hii kwa maopereta wenzangu, wa samaki, wa pamba, wa bia, wa maji, popote ambapo unatakiwa kumwachia mwenzako karatasi ya Kiingereza wakati kichwa chako na daftari lako usiku kucha vilikuwa kwa Kiswahili. Sisi imetugharimu kujua kwamba hiyo kazi ya dakika ishirini za mwisho ina hatari zake, tena si hatari za sarufi.

Kiingereza kimetoka wapi? Kwetu kimetoka sehemu mbili. Kwanza tulipata meneja wa mitambo aliyetoka nje, mtu mzuri tu na mitambo anaijua hasa, ila Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Pili ni wakaguzi wa wanunuzi. Wale wa zamani wanakumbuka mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria, na toka hapo kwenye hii biashara hakuna anayechezea rekodi, mkaguzi akitua anataka karatasi na anataka aisome mwenyewe.

Kwa hiyo utaratibu ukawa hivi: usiku unaandika kwenye kaunta buku kwa Kiswahili, maana uko na glovu, uko na kelele za kompresa, hakuna wa kutunga Kiingereza pale. Halafu kama saa kumi na moja na nusu unaingia ofisini, unakaa kwenye kompyuta, unageuza kuwa Kiingereza, unaprinti, unasaini. Mwenzako akija anapokea karatasi. Buku linabaki mezani, na ukweli ni kwamba baada ya muda hamna aliyekuwa analifungua tena.

Sasa kisa chenyewe. Tuna pleti freza nne, yale makabati makubwa ambayo minofu inabanwa kati ya sahani za aluminiamu na amonia inapita ndani ya sahani. Amonia kwa presha ya kawaida inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, sisi kwenye freza tunaiendesha mpaka karibu 40 chini ya sifuri, maana yake upande wa suksheni geji inasoma chini kidogo ya sifuri. Likwidi inasukumwa na pampu, inapita kwenye valvu ya mkono, inapita kwenye solenoidi, inaingia kwenye sahani kupitia hozi zinazopinda, kwa sababu sahani zinapanda na kushuka. Hozi hizo ndo ugonjwa wa pleti freza popote duniani. Zinachoka, zinatoa jasho la ajabu, mwisho zinavuja.

Freza namba tatu, ambayo kwenye paneli inasomeka PF3, ilipangiwa kubadilishwa hozi moja asubuhi. Usiku wake, kwa jambo lingine kabisa, ile valvu ya mkono ya likwidi ya PF3 ilikuwa inanusisha amonia shingoni, pale spindeli inapotokea. Fundi wa usiku akabadilisha pakingi. Kwa asiyejua, valvu nyingi za amonia ukizifungua mpaka mwisho kabisa zinakalia nyuma, yaani spindeli inajiziba yenyewe kwa ndani na unaweza kutoa pakingi bila kusimamisha mfumo. Fundi akafanya hivyohivyo, kwa ustadi tu. Akazungusha mpaka mwisho wa kufungua, akatoa pakingi ya zamani, akaweka mpya, akarudisha nati na mkono wa valvu, akaenda zake. Valvu ikabaki wazi kabisa.

Opereta wa usiku akaandika kwenye buku: "Valvu ya likwidi PF3 imefungwa, fundi kamaliza."

Na Kiswahili chake kilikuwa sahihi. Fundi anafunga injini, anafunga tairi, anafunga dishi, anafunga pampu, na vyote hivyo maana yake ni kwamba kifaa kimekaa mahali pake na kimekazwa. Nami ningesoma buku lile pale pale kwenye chumba cha mitambo ningeelewa hivyo. Ila kwenye kompyuta, kwa usingizi wa saa kumi na moja na nusu, sentensi ikageuka:

```
PF3 liquid valve closed, work finished.
```

Sasa weka hiyo sentensi mbele ya meneja ambaye anajua leo kuna hozi ya kubadilisha PF3. Kwake ni habari njema, likwidi imezuiwa na kazi ya kuandaa imeisha. Akawaambia mafundi wa asubuhi waendelee.

Mi ndo nilikuwa naingia. Yule jamaa wa usiku kaondoka kuwahi daladala, karatasi iko mezani, nimeisoma, nimeona sawa. Ila nina tabia niliyofundishwa na mzee mmoja wakati naanza hii kazi, kwamba opereta akipokea zamu lazima azunguke mabomba kabla ya kunywa chai. Nikazunguka. Nilipofika nyuma ya PF3 nikaona kitu hakikai. Bomba baada ya ile valvu lilikuwa na barafu nyeupe kavu, mpya, ile ya unga. Bomba ambalo likwidi imezuiwa toka usiku na freza imesimama haliwi hivyo, barafu yake inakuwa imeanza kuwa kama kioo, inatoa maji, inadondosha. Nikaangalia spindeli, iko nje yote, nyuzi zake zote zinaonekana. Valvu ya aina ile spindeli ikiwa nje iko wazi, ikiwa imezama ndani imeziba. Hapo ndo moyo ukaruka.

Nilikimbia upande wa pili na fundi alikuwa tayari na spana. Bahati alikuwa mtu wa kazi, alikuwa hajatoa nati zote, kalegeza mbili tu za upande wa mbali na uso wake kama inavyotakiwa. Ikatoka sauti ya "shiii", ukungu mweupe, na ile harufu ambayo ukishainusa mara moja hutaisahau. Akazikaza tena palepale. Maski alikuwa nayo ila iko shingoni, kama tai ya harusi. Macho yakamwaka, tukampeleka kwenye bomba la maji tukamwosha macho dakika kumi na tano kamili, yeye anasema imetosha, sisi tunasema bado. Kina dada wa kupaki wakatolewa nje, trei za minofu zilizokuwa karibu zikawekwa pembeni na watu wa ubora. PF3 ilikaa bila kazi mpaka alasiri, na samaki wa siku ile wakalazwa kwenye barafu kusubiri. Hamna aliyelazwa. Lakini ukiniuliza kama ilikuwa hatari ndogo nitakwambia hapana, iliishia kuwa ndogo kwa sababu tu zililegezwa nati mbili.

Mtu atauliza, kwani solenoidi haikuwa imezima? Ilikuwa imezima. Ila solenoidi ni swichi, si ukuta. Uchafu kidogo tu kwenye kiti chake inapitisha, na umeme ukirudi vibaya au mtu akabonyeza kwenye paneli inafunguka yenyewe. Hakuna fundi anayetakiwa kulegeza kitu nyuma ya solenoidi peke yake.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Yule opereta wa usiku akapewa barua ya onyo. Mi mpaka leo naona haikuwa haki, maana watu watatu walisoma sentensi moja na kila mmoja kaelewa kwa kazi yake, na utaratibu wa kumfanya mtu atafsiri akiwa amechoka halafu aondoke bila kuonana na mwenzake haukuandikwa na yeye. Nilisema hivyo kwenye kikao, kwa heshima lakini nilisema. Jibu nililopata ni kwamba haya, basi wewe tengeneza namna nzuri. Ndo nikajikuta na kazi ambayo sikuiomba.

Kabla ya kuendelea, kwa anayeona nakuza mambo. Tarehe 6 Julai 1988 kule Bahari ya Kaskazini, jukwaa la mafuta la Piper Alpha lililipuka na watu 167 wakafa. Mchana ule pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo na mahali pake pamewekwa kifuniko tu. Karatasi ya kazi ilikuwepo, ila habari haikuwafikia vizuri waliokuwa zamu ya usiku. Pampu nyingine ilipozima wakawasha ile. Wale walikuwa wanaongea lugha moja wote, hakuna cha kutafsiri, na bado ikawa vile.

Kitu cha kwanza tulichobadilisha si Kiingereza, ni Kiswahili cha kwenye buku. Nilipiga marufuku neno "imefungwa" kwa valvu na mashine. Watu walicheka sana, wakaniita bwana Kiswahili. Ila sasa kwenye buku letu valvu ni "wazi" au "imezibwa", kifaa kilichorudishwa ni "kimefitiwa", mashine iliyosimama "imezimwa", na yenye kufuli "imepigwa kufuli". Ukiwa umeamua maana pale pale mbele ya bomba, saa nane usiku, macho yako yanaiona spindeli, basi saa kumi na moja na nusu huna cha kuamua, unahamisha tu. Huo ndo ulikuwa msingi wa kila kitu. Maana haiamuliwi ofisini na mtu ambaye kichwa chake kiko kitandani tayari, inaamuliwa kwenye mtambo na aliyeona.

Kitu cha pili, kazi iliyofanyika na hali ya mtambo ni mambo mawili tofauti. Sisi kwa mazungumzo tunapenda kusimulia kazi: fundi alikuja, akafanya hivi, kamaliza. Anayepokea hahitaji hadithi ya fundi kwanza, anahitaji kujua sasa hivi ile kitu iko vipi, nani ana ufunguo, na ndani kuna nini. Hilo la ndani kuna nini ndo watu wanaliacha kabisa, na kwenye amonia ndo linaloua.

Ngoja nilieleze maana ni la muhimu. Ukiziba valvu ya likwidi halafu ukaziba na ya suksheni haraka haraka, umefungia likwidi ya baridi katikati ya valvu mbili. Ile likwidi inaanza kupata joto la Mwanza, inavimba, na likwidi haibanwi kama hewa, bomba likiwa limejaa hakuna pa kwenda, presha inapanda mpaka kitu kipasuke, gasketi au hozi au valvu yenyewe. Kwa hiyo utaratibu ni kuziba likwidi tu, unaacha suksheni wazi, kompresa inaendelea kunyonya. Unaiona kwa macho, barafu ya kwenye bomba inabadilika kutoka unga mweupe, inakuwa inang'aa, inatoa jasho, inaanguka, bomba linakuwa na joto la chumba. Hapo ndo unaziba suksheni, halafu unakaa na geji. Presha ikipanda tena ndani ya robo saa hivi, bado kuna likwidi imejificha sehemu au valvu moja inapitisha, unafungua suksheni tena unarudia. Ikikaa chini bila kupanda, hapo fundi anaweza kuitwa, na bado aje na maski usoni.

Sasa fikiria zamu inabadilika katikati ya hilo zoezi. Umeziba likwidi saa kumi na moja kasoro alfajiri na barafu bado ipo. Ukiandika "PF3 isolated" umemdanganya mwenzako bila kukusudia, atakuja ataziba suksheni apate kuendelea. Siku hizi tunaandika hivi, na kila mstari una kazi yake:

```
PF3  06:00  NOT READY FOR WORK
Liquid feed hand valve: CLOSED, locked, key with operator
Suction valve: OPEN, pumping down since 04:50
DO NOT close suction until frost is gone
```

Angalia hakuna sentensi ya kupendeza hapo. Kwenye hii karatasi Kiingereza kizuri ni kifupi, neno la hali kwa herufi kubwa, na kile kisichotakiwa kufanywa kimewekwa wazi. Wengi wetu tulidhani shida ni kwamba Kiingereza chetu hakitoshi, tukawa tunanyoosha sentensi ndefu kama barua ya kuomba kazi, kumbe urefu ndo unaficha. Meneja mwenyewe alisema hataki sarufi, anataka kujua afungue nini na asifungue nini.

Muda nao ulitusumbua, na huu ni mtego wetu sisi Waswahili. Usiku mmoja umeme ulikatika saa saba mpaka saa tisa, jenereta ikabeba kompresa moja tu, stoo baridi ikapanda joto. Kwenye buku tukaandika saa 7 usiku hadi saa 9. Kwenye karatasi ya Kiingereza ikaja ikawa 7 pm mpaka 9 pm. Chati ya joto inayojichora yenyewe ilikuwa inaonyesha stoo imepanda kati ya 01:00 na 03:00, imevuka ile 18 chini ya sifuri inayotakiwa. Kwa hiyo mkaguzi alipokuja akakuta mambo mawili: umeme uliokatika jioni bila athari yoyote, na joto lililopanda usiku wa manane bila sababu yoyote. Alidhani tunaficha kitu. Watu wa ubora walisumbuka siku nzima kueleza jambo ambalo jibu lake lilikuwa ni kujumlisha sita.

Tena si saa tu, ni tarehe pia. Ukisema usiku wa Jumanne, mwingine anaelewa usiku wa kuamkia Jumanne, mwingine anaelewa Jumanne ikishaisha mchana. Zamu ya usiku inakaa juu ya tarehe mbili. Dawa yetu ni kwamba hata kwenye buku la Kiswahili saa inaandikwa kama inavyosomeka kwenye paneli, tarakimu nne, 01:00, 02:40, na tarehe inabadilishwa ikifika 00:00 kwa kupiga mstari ukurasa mzima. Ukiongea kwa mdomo ongea saa saba zako, hakuna anayekukataza, ila kalamu inafuata paneli.

Halafu kuna maneno ya upole. Sisi watu wa huku hatupendi kutia watu hofu, kila kitu ni "kidogo". Presha iko juu kidogo, kompresa inalia kidogo, mafuta yameshuka kidogo. Kwa Kiingereza inatoka "a little high" na mtu anaisoma anapita. Nilikuja kuona hasara yake kwenye dischaji. Kwa siku kadhaa mfululizo kila zamu iliandika presha ya dischaji iko juu kidogo, na kila aliyepokea akaona ni ya kawaida kwa sababu jana pia ilikuwa hivyo. Siku niliyochukua namba zenyewe nikakuta geji inasoma 12.4 bar, wakati likwidi inayotoka kwenye kondensa ina nyuzi 30. Amonia safi ya nyuzi 30 kwa geji za hapa kwetu inatakiwa isome karibu 10.8. Maji ya kondensa yanamwagika vizuri, feni zote zinazunguka, sasa hiyo bar moja na nusu na zaidi inatoka wapi?

Inatoka kwenye hewa. Nilisema upande wa suksheni tunaendesha chini ya sifuri, kwa hiyo tundu likiwa upande ule amonia haitoki nje, hewa ndo inaingia ndani, na hamna harufu ya kukushtua. Inaenda inajikusanya juu ya kondensa, haigandi kuwa likwidi, inakula nafasi, presha inapanda, kompresa inakula umeme zaidi. Tukaitoa taratibu kwa hozi ndogo iliyozamishwa kwenye pipa la maji. Hewa inapanda kama mapovu mpaka juu, amonia yenyewe inapotelea ndani ya maji kwa mlio wa kukwaruza, kwa hiyo mapovu yakipungua na mlio ukizidi ujue hewa imeisha, unaacha. Presha ikarudi. Ila kutoa hewa ni nusu ya kazi, tundu lilikuwa kwenye sili ya shafti ya kompresa C2 na lingeendelea kuvuta.

Kwa hiyo sasa neno "kidogo" kwenye buku linaruhusiwa kama limefuatwa na namba tatu: inasoma ngapi, kwa kawaida inasoma ngapi, na toka saa ngapi. Kwa Kiingereza inakuwa rahisi hata kwa ambaye hakumaliza fomu foo, maana namba haitafsiriwi:

```
Discharge 12.4 bar (normal 10.8) since 22:00
Condenser fans and water OK. Suspect air. Not purged yet.
```

Hapo mwisho penye "Not purged yet" ndo pa thamani kuliko pote. Waambie ambacho hujafanya. Wengi wanaona aibu kuandika kazi ambayo haikuisha, kama vile inaonyesha ulilala, matokeo yake mwenzako anadhani imefanyika.

Kuhusu kukutana ana kwa ana, hili ndo lilikuwa gumu kuliko Kiingereza. Anayetoka anataka daladala ya Igoma au ya Buhongwa kabla foleni haijaanza, anayeingia anafika dakika ya mwisho, wanapishana getini: "Kaka vipi, salama?" "Salama, kila kitu kiko mezani." Tulimwomba meneja muda wa kupishana wa dakika kumi na tano ulipwe. Mwanzoni alikataa, tukamwonyesha hesabu ya PF3 kusimama nusu siku, akakubali. Sasa anayeingia anasoma karatasi kwa sauti na anayetoka anasikiliza akiwa na buku la Kiswahili mkononi. Msomaji ni yule anayeingia, siyo aliyeandika, kwa sababu aliyeandika atasoma alichokusudia hata kama hakipo. Kila mstari wenye "CLOSED" au "DO NOT" tunaenda kuuona kwa macho, wawili, tunashika mkono wa valvu. Halafu ndo saini mbili, na saa.

Siku za mwanzo karatasi ilikuwa inafika kurasa mbili na meneja akalalamika. Ana haki. Tukaamua juu kabisa vinakaa vile ambavyo viko tofauti na kawaida sasa hivi, basi. Mizunguko ya kawaida, mafuta yaliyotolewa, defrosti zilizofanyika, hizo zinabaki kwenye fomu ya kujaza namba. Mara nyingi haizidi mistari sita. Na buku la Kiswahili halitupwi, lina namba ya ukurasa ambayo tunaiandika chini ya karatasi ya Kiingereza, ili mtu akiona sentensi ina utata arudi kwenye chanzo. Mkaguzi wa mwisho aliyekuja aliomba kuonyeshwa hilo buku, akatafutiwa wa kumsomea, akalinganisha mistari kadhaa.

Zamu ambayo hakuna kilichotokea nayo ina karatasi yake. Zamani tulikuwa tunaandika "All OK" tunaondoka. Sasa "OK" hairuhusiwi peke yake, unaandika ulichokwenda kukiangalia na saa uliyokiangalia: hozi za PF1 mpaka PF4 zimekaguliwa 05:10, kufuli zote zilizopo ni hizi, hakuna valvu iliyoguswa usiku. Huo mstari wa mwisho fundi wa asubuhi anausoma kwanza kuliko yote, kwa sababu unamwambia kwamba jana alivyoacha ndivyo atakavyokuta.